"Ingawa… lakini": mwalimu kakosea au mtoto kakosea?

"Shikamoo mwalimu. Kijana wangu yuko kidato cha pili hapa Ujiji. Kwenye insha aliandika: 'Ingawa dagaa walikuwa wachache, lakini bei haikupanda.' Mwalimu wake akaizungushia 'lakini' kalamu nyekundu na kumkata alama. Mimi sentensi hiyo naisikia kila siku mwaloni, hata kwa watu waliosoma. Kosa liko wapi?"

Marahaba, mama. Kabla ya kutafuta kosa, tuitazame sentensi ya kijana ikiwa imevuliwa neno moja, kisha jingine:

Ingawa dagaa walikuwa wachache, bei haikupanda.

Dagaa walikuwa wachache, lakini bei haikupanda.

Zote mbili ni nzuri na habari ni ileile, ila hazijajengwa sawa. Katika ya kwanza, "ingawa" imekishusha cheo kishazi chake. Huwezi kumwambia mtu "Ingawa dagaa walikuwa wachache" kisha ukanyamaza. Atakukodolea macho akisubiri lililobaki. Hicho ndicho darasani tunakiita kishazi tegemezi, na sentensi nzima ni changamano. Katika ya pili, "lakini" imeunganisha vishazi viwili vyenye cheo sawa, kila kimoja kinaweza kusimama peke yake, na sentensi ni ambatano.

Mwalimu wa kijana anasimama hapo, na si mahali pabaya pa kusimama. Ukiyaweka maneno yote mawili, kishazi cha kwanza kinakuwa tegemezi kwa amri ya "ingawa", halafu "lakini" inakuja kukitendea kana kwamba ni huru. Sentensi hiyo ni changamano au ambatano? Mwanafunzi akipewa kuichanganua kwa matawi atakwama, maana "lakini" haina pa kuning'inizwa. Kwa hiyo mwalimu husema: uhusiano ni mmoja, kiunganishi kimoja kinatosha.

Msaada mwingine anaoweza kuuita ni historia. "Ingawa" haikuzaliwa kiunganishi. Ni kitenzi: i-nga-wa, ambamo "-wa" ni ileile ya "kuwa", na "-nga-" ni kiambishi cha kukubali jambo kwa shingo upande. Kiambishi hicho leo kimebaki zaidi kwenye ushairi na methali. Mfano ni huu: "Angaenda juu kipungu, hafikilii mbinguni." Yaani, hata akiruka juu namna gani, ndege huyo mbinguni hafiki. "Ijapokuwa" nayo imejengwa hivyohivyo, kwa "-japo-". Sasa angalia methali: hakuna "lakini". Wazee walikubali jambo upande mmoja, wakalipindua upande wa pili bila kuweka neno lolote katikati, na msikilizaji alielewa.

Hadi hapo mwalimu anaongoza. Ila hoja ya "kiunganishi kimoja kinatosha" ina shimo, na shimo lenyewe ni neno "basi".

"Kama upepo utatulia, basi tutavuka." Hapo "kama" imeshaweka sharti, na "basi" imekuja kufungua jibu la sharti hilo. Maneno mawili, uhusiano mmoja. Sijawahi kuona mwalimu akiizungushia "basi" kalamu nyekundu. Na waandishi wengi wanaoikimbia "ingawa… lakini" huandika "ingawa… hata hivyo" bila wasiwasi, kana kwamba "hata hivyo" imevaa suti na "lakini" imekuja na kandambili. Kama kurudufu ni kosa, basi ni kosa kote. (Nimeandika "kama… basi" bila kukusudia. Naiacha.)

Nadhani kinachotupoteza ni kudhani kwamba "ingawa" na "lakini" zinafanya kazi moja. Jaribu kuigeuza sentensi, kishazi cha pili kitangulie. "Bei haikupanda ingawa dagaa walikuwa wachache": imekubali. Sasa igeuze ile ya kijana: "Lakini bei haikupanda, ingawa dagaa walikuwa wachache." Imebadilika. Sasa inaonekana kama jibu kwa mtu mwingine aliyesema jambo kabla yetu. "Lakini" hutazama nyuma, hutaka kuwe na kitu kilichokwisha kusemwa ili ikigeukie. "Ingawa" haijali, hukaa mbele au nyuma. "Basi" nayo ina tabia ya "lakini": sema "Basi tutavuka, kama upepo utatulia" uone inavyosikika kama mtu anayehitimisha mabishano.

Kwa hiyo ndani ya "ingawa… lakini" kazi zimegawanywa. "Ingawa" inamwambia msikilizaji: nakubali hili, lakini usilishike sana. "Lakini" inamwambia: sasa tumefika kwenye lenyewe. Ni kama abiria wa treni aliyepanda Kigoma akasinzia baada ya Urambo. Anahitaji mtu amguse bega amwambie hapa ni Tabora, hapa njia ya Mwanza inaachana na yetu.

Je, abiria wetu kweli amesinzia? Swali hilo linanisogeza kidogo kutoka kwa mwalimu na kidogo kutoka kwako. Chukua maneno ambayo mchuuzi wa Kibirizi angeyasema kwa pumzi moja, usiku ule wa mbalamwezi ambapo taa za kuvutia dagaa hazina kazi:

Ingawa wavuvi hawakuingia ziwani wanunuzi walikuwa wengi bei haikupanda.

Jambo kuu ni lipi? Huenda anasema: ingawa wavuvi hawakuingia ziwani, wanunuzi walikuwa wengi, tena bei haikupanda. Huenda anasema: ingawa wavuvi hawakuingia na wanunuzi walikuwa wengi, bei haikupanda. Katika maana ya kwanza kinachomshangaza ni wingi wa wanunuzi, katika ya pili ni bei. Kishazi kikuu cha Kiswahili hakina alama ya kukitangaza. "Wanunuzi" na "bei" ni majina tu, na kitenzi cha kishazi kikuu kina umbo lilelile la kitenzi cha kishazi tegemezi. Kwenye karatasi mkato utasaidia. Mdomoni kuna kiimbo tu, na mwaloni injini zinanguruma. Weka "lakini" kabla ya "bei" na utata umekwisha. Iweke kabla ya "wanunuzi" na maana nyingine imechaguliwa. Hapo "lakini" imefanya kazi ambayo "ingawa" haiwezi kuifanya, kwa sababu "ingawa" inaonyesha mwanzo wa kishazi chake tu, mwisho haiuonyeshi.

Ndiyo maana unaisikia kila siku, mama. Wapo wanaosema ni Kiha kinachotuharibia Kiswahili chetu huku Kigoma. Siungi mkono. Washa redio usikilize watu wa Dar es Salaam wakibishana, utaisikia mara mbili kabla chai haijapoa.

Lakini kutoka hapo nisieleweke kwamba kila jozi ya viunganishi ni halali. Kuna ndugu yake anayenikera kweli: "Kwa kuwa mbalamwezi ilikuwa kali, kwa hiyo wavuvi hawakuingia ziwani." Ifungue hiyo "kwa hiyo" uone kilichomo: kwa sababu hiyo. "Hiyo" inanyoosha kidole kwenye sababu iliyotajwa punde. Sentensi inasema: kwa sababu ya mbalamwezi, kwa sababu hiyo. Hapa hakuna mgawanyo wa kazi, kuna sababu iliyotajwa mara mbili. "Lakini" haikuwa na kidole cha namna hiyo, ndiyo tofauti. Mwandishi achague: "Kwa kuwa mbalamwezi ilikuwa kali, wavuvi hawakuingia ziwani," au "Mbalamwezi ilikuwa kali, kwa hiyo wavuvi hawakuingia ziwani."

Na asidhani kwamba akiweka "ndiyo maana" badala ya "kwa hiyo" amebadilisha nguo tu. "Ndiyo maana" hutumika pale matokeo yameshajulikana na kinachotafutwa ni chanzo. Mteja amefika, ameona vichanja vitupu, unamwambia: "Wiki nzima ilikuwa ya mbalamwezi, ndiyo maana dagaa ni wachache." Uchache ameuona mwenyewe, unampa sababu. "Kwa hiyo" hutoka kwenye sababu kwenda kwenye jambo ambalo huenda msikilizaji bado hajalijua: "Wiki ijayo ni ya mbalamwezi, kwa hiyo dagaa watakuwa wachache." Tia "ndiyo maana" kwenye sentensi hiyo ya mwisho na sikio litakataa, maana unaeleza chanzo cha kitu ambacho hakijatokea na hakuna aliyekiulizia. Kosa hili kwenye insha ni la kimaana, na mimi ningelikatia alama kabla ya kuigusa "ingawa… lakini".

Turudi kwa kijana. Sentensi yake ina vishazi viwili vifupi, vyenye mkato kati yake, kwenye karatasi. Hakuna aliyesinzia. "Lakini" yake haikuondoa utata wowote kwa sababu utata haukuwepo, na katika maandishi rasmi mimi pia ningemwambia aitoe. Mwalimu ana haki ya kuizungushia. Ila kama pembeni ameandika "si Kiswahili", hapo amezidisha. Ni Kiswahili cha mdomoni kilichoingia kwenye insha, mahali ambapo kazi yake imeshafanywa na mkato.

Angekuwa mwanafunzi wangu ningemwachia alama yake, kisha ningemwandikia chini ya sentensi: "Taja sababu ya uchache wa dagaa humohumo, halafu nionyeshe kama bado unaihitaji 'lakini'." Angeandika, tuseme, "Ingawa dagaa walikuwa wachache kwa kuwa wavuvi walikuwa wanasubiri mbalamwezi ipungue na wengine walikuwa wanashona nyavu, lakini bei haikupanda." Hiyo ningeisoma kwa sauti mara mbili, na kalamu nyekundu ningeirudisha mfukoni.