Marejesho yasiyofika: mteja anadaiwa ushahidi asiouona

"Nilinunua kupitia tovuti ya marejesho, nikaahidiwa kurudishiwa asilimia 5 ya bei. Mwezi umepita na akaunti inasoma sifuri. Duka linasema niulize tovuti, tovuti inasema haikuiona oda yangu. Nimdai nani?"

Idai tovuti ya marejesho, maana ndiyo iliyokuahidi. Duka limekubaliana kuilipa tovuti hiyo kamisheni kwa kila oda inayoletwa, nayo tovuti hukumegea wewe sehemu yake. Mhudumu wa duka akisema haoni ahadi yoyote kwenye oda yako, huenda anasema kweli kabisa.

Kampuni nazo zina hoja. Wapo wanaoagiza, wakasubiri marejesho, kisha wakarudisha bidhaa. Wapo wanaofungua akaunti kadhaa. Ndiyo maana malipo hukaa katika hali ya "yanasubiri" mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite, na kusubiri huko ni haki. Pia duka halitaki kulipa kamisheni mara mbili kwa mteja mmoja, kwa hiyo maduka mengi humlipa yule ambaye kiungo chake kilibofywa mwisho.

Lakini jibu la haraka kwamba "mteja hakufuata masharti" linaficha jambo zito. Ukibofya kiungo, tovuti hutoa namba ya mbofyo, nayo husafiri ndani ya anwani ya ukurasa na kuhifadhiwa kwenye kidakuzi, yaani faili dogo la kumbukumbu, ndani ya kivinjari chako. Ukishalipa, ukurasa wa uthibitisho huisoma namba hiyo na kutuma taarifa kwamba oda fulani, ya kiasi fulani, imetokana na mbofyo fulani. Uzi huo hukatika kimyakimya. Huenda ulikataa vidakuzi vya duka, au una kizuia matangazo. Pengine simu ilikurusha kutoka kivinjari hadi programu ya duka, na namba haikuvuka. Kinachosumbua zaidi ni kiendelezi cha kuponi, programu ndogo ya kutafuta punguzo iliyoongezwa kwenye kivinjari: kikijitokeza wakati wa kulipa na ukakibofya, mbofyo wake unakuwa wa mwisho, na kamisheni inahamia kwake hata kama kuponi haikupunguza chochote.

Katika hali zote hizo mteja haoni tofauti. Skrini inamwambia "asante kwa oda yako", basi. Kumbukumbu za mbofyo ziko kwa tovuti, kumbukumbu za oda ziko kwa duka, na oda isiyodaiwa mara nyingi ni kamisheni ambayo duka halilipi. Anayetakiwa kuthibitisha ndiye pekee asiyeshika daftari. Sidai kwamba kuna wizi kila mara. Nasema kimya cha mteja kina faida kwa upande mwingine, na hilo peke yake linatosha kumfanya adai bila aibu.

Kabla ya kudai, tambua tatizo ni lipi. Chukua oda ya jumla ya 130: bidhaa 100, kodi 20, usafirishaji 10. Ukipata 5 badala ya 6.5, kwa kawaida hakuna kosa, kwa sababu asilimia hupigwa kwenye bei ya bidhaa bila kodi wala usafirishaji. Ukipata 2, angalia kama kundi la bidhaa ulilonunua lina kiwango cha chini zaidi. Ikiwa oda haionekani kabisa kwenye akaunti yako ya marejesho, hilo ni dai la oda iliyopotea. Ikiwa ilionekana kisha ikakataliwa, usifungue dai la kupotea. Omba sababu iliyotolewa na duka, maana hapo mbofyo ulishatambuliwa.

Kwa oda iliyopotea, kwanza fungua historia ya mibofyo kwenye akaunti yako ya marejesho. Mbofyo uwe umetangulia oda, ikiwezekana siku hiyohiyo. Kisha jaza fomu ya dai kwa namba ya oda kama ilivyo, pamoja na vistari na herufi zake, tarehe na saa, na kiasi bila kodi. Ambatanisha barua pepe ya uthibitisho inayoonyesha bei ya kila bidhaa. Taarifa ya benki haitoshi, kwa sababu haina namba ya oda. Ongeza picha ya skrini ya kiwango ulichoahidiwa, ikiwa uliipiga kabla ya kununua, kwani viwango hubadilika. Soma tarehe mbili kwenye masharti: lini dai linaanza kupokelewa, na lini dirisha linafungwa. Ukisubiri mpaka bidhaa ifike na utulie nayo, dirisha linaweza kufungwa kabla hujadai.

Kuiomba benki irudishe malipo ya kadi si njia ya kufuata hapa. Duka lilikupa bidhaa uliyolipia. Deni la marejesho liko kwa tovuti, na mvutano na benki unaweza kuifanya oda ihesabiwe kuwa imefutwa, dai lako likafa pamoja nayo. Tovuti ikikataa, jibu ndani ya dai lilelile ukitaja saa ya mbofyo na saa ya oda, na uombe dai lipelekwe kwa duka lilinganishwe na kumbukumbu zao.