Fundi, weka makasi chini: mapli kwanza, kukata kiisha

Jana kwenye statusi ya Watsapu fundi mmoja wa hapa Bukavu ameweka blauzi ya kikwembe yenye mapli madogo kifuani, chini yake akaandika "kazi safi". Safi wapi? Nikakuza picha. Mapli yote 12 yamejibana katikati sawa vile abiria wa taksi ya Kadutu saa ya jioni, huku na huku kifua kiko kitupu, kiisha kwenye picha ya pili, ya mgongo, zipu imevutwa mpaka mushono unaacha kushikana. Sikumujibu, juu ni shemeji ya mutu ninayemuheshimu. Lakini hapa niko kwangu, nitasema.

Ile blauzi iliharibika kabla uzi haujaingia kwenye sindano. Iliharibika siku alikata kifua kwa kufuata karatasi yake ya kila siku, eti mapli atayashona baadaye juu ya kipande kilichokwisha kukatwa. Sasa huo upana wa mapli ungetoka wapi, mbinguni?

Pli inakula kitambaa mara mbili ya kimo chake, juu unakunja, kuna kwenda na kuna kurudi. Tuseme unataka pli ya milimita 3, ile nyembamba inayosimama vizuri kwenye waksi. Kila moja inameza milimita 6. Ukiweka 12, zimemeza milimita 72, njo kusema sentimita 7 na nukta 2. Kifua ambacho karatasi inasema kina sentimita 50 pamoja na nafasi ya mishono, sasa kinadai 57 na nukta 2, na mimi nachukua 60. Zile karibu 3 za juu si ubadhirifu, ngoja nitafika hapo.

Ninajua kabisa kwa nini hakutoa 60. Waksi nyingi zina upana wa sentimita 115 hivi. Kifua cha 50 na mgongo wa 54 (zipu inaomba nafasi yake) vinalala pamoja kwa upana, vinafika 104, fundi anafurahi. Kifua kikifika 60 tayari ni 114, toa pindo za kando, hakubaki kitu. Basi anabana kifua ili mgongo ulale pembeni yake na kitambaa cha mikono kibaki kingi. Papa fundi, shusha mgongo chini, ukate kwa kufuata urefu! Mutu amekuletea yadi 6, ni karibu mita 5 na nusu, unaogopa nini?

Sasa nafasi kati ya pli na pli, hapa njo hasira yangu inapanda. Fundi anasema nataka sentimita 1 na nusu kati yao, anachukua chaki, anapiga mistari kila sentimita 1 na nusu kwenye kitambaa kilicholala, anakunja kwenye kila mustari, anashona. Kiisha anashangaa mapli yamebanana. Lakini kila pli imekula milimita 6 kutoka kwenye hiyo nafasi! Kimebaki milimita 9. Mapli 12 yana nafasi 11, alitaka yaenee sentimita 16 na nusu kifuani, amepata 9 na nukta 9. Ni ile picha ya jana kabisa. Kwenye kitambaa kilicholala mustari mpaka mustari ulipaswa kuwa sentimita 2 na nukta 1, ile 1 na nusu ya macho ukiongeza nukta 6 ya kuliwa. Hesabu ya mutoto wa shule ya musingi, na bado watu wananiambia "mama, mimi nakata kwa macho."

Na mistari usiipime moja kutoka kwa nyingine. Ukikosa milimita 1 kila mara upande uleule, kufika mwisho umekosa zaidi ya sentimita. Piga mustari wa katikati kwanza, kwa kufuata uzi wa kitambaa na si maua, juu maua ya waksi mara nyingine yamepigwa upande upande. Kiisha weka meta moja tu, bila kuihamisha, na uweke alama zote kutoka katikati. Kwa mapli 12 katikati inaangukia kwenye nafasi, sita huku sita kule, basi alama ya kwanza iko sentimita 1 na nukta 05 kutoka katikati, zinazofuata ongeza 2 na nukta 1 kila mara. Kunja kila mustari, piga pasi kabla ya kushona, siyo baada tu.

Tuje kwa zile sentimita 3 za juu. Hata fundi mwenye mukono mutulivu, sindano inaweza kutoka nusu milimita. Nusu milimita haionekani, hakuna mutu kanisani atakayeiona. Lakini inahesabiwa mara mbili kwa kila pli, mara 12, umeshapoteza sentimita 1 na nukta 2, blauzi haifungi. Na waksi mpya, yenye unga wake, inakula kidogo pale inapojikunja pia. Hakuna hesabu ya karatasi itakayokupa jibu kamili, njo maana kata kipande cha mustatili kikubwa, shona mapli yote, piga pasi sita zilale kulia na sita kushoto, halafu ndiyo uweke karatasi ya kifua juu, katikati kwa katikati, ukate shingo na mabega na kwapa. Kosa lote la sindano linabaki kwenye mabaki ya kando. Mteja hajui kitu.

Wenye haraka wafanye hivi angalau: chukua kipande cha sentimita 20, shona mapli 5 juu yake. Kinapaswa kubaki 17. Ukipima ukapata 16 na nukta 6, mashini yako na hicho kitambaa vinakula milimita 4 zaidi, kwa mapli 12 hiyo inakaribia sentimita 1. Dakika chache tu.

Haya, nitakubali kitu, bila furaha. Yule anayeshona shati moja kila siku, kitambaa kilekile, anaweza kukata mbele juu anajua mashini yake inakula ngapi. Wako wachache, na hawaandiki "kazi safi" kwenye statusi. Na kama kikwembe ni kidogo kweli, tengeneza kipande cha katikati peke yake, shona mapli juu yake, ukate kwa umbo unalotaka, ukiunge kati ya pande mbili za kifua. Kinatoka vizuri, na mishono miwili inajificha chini ya pli ya mwisho kama umeilaza nje.

Kuhusu maua: ndege mukubwa wa waksi akipitiwa na mapli anakatika vipande, shingo huku mdomo kule. Chagua rangi moja au maua madogo.

Na nyinyi wateja, musijifiche nyuma yangu. Munaleta yadi 2, munataka mapli 12, mikono mikubwa ya kuvimba, na kichwani kitambaa cha kufunga kutoka humo humo, tena munasema "fundi, utajua mwenyewe". Atajua nini? Atachukua kwenye kifua.