Nyama ikishatoka motoni: tuipumzishe au tuikate?

*"Nimeoka mnofu wa ng'ombe wa kilo mbili na nusu kwenye oveni ya nyuzi 200. Kipimajoto kilipofika 60 nikautoa, nikaufunika kwa foili. Baada ya nusu saa nikakuta 68, wekundu wote umekwisha na mgeni alitaka uwe na wekundu. Mwenzangu jikoni anasema kupumzisha nyama ni mambo ya hoteli kubwa tu, ningekata papo hapo. Nani yuko sahihi?"* (mpishi wa nyumba ya wageni, Lindi)

Dada, mwenzako amepatia kwa nusu, na hiyo nusu si ndogo. Ungekata dakika ile ile, kiini kingebaki karibu na 60, kwa sababu vipande vyembamba hutoa joto hewani na kupanda kunakoma. Ila nyama yako haikuharibiwa na kupumzika. Iliharibiwa na 60. Kwa mnofu wa ukubwa ule, katika oveni yenye moto ule, hiyo namba ilikuwa imechelewa.

Oveni haipashi nyama yote kwa pamoja. Joto huingia kwa nje na kutambaa kuelekea ndani, tena polepole. Ulipofungua mlango kiini kilikuwa 60, lakini nyama iliyo sentimita moja au mbili chini ya ganda ilikuwa 80 na zaidi. Joto hilo halikujua kwamba umezima oveni. Lilikuwa na njia mbili tu, kutoka hewani au kuendelea kwenda katikati, na wewe njia ya kwanza uliibana kwa foili. Basi katikati pakapanda mpaka nje na ndani vikakaribiana, ndipo pakaanza kushuka.

Kiasi cha kupanda, kwa hiyo, hakitokani na aina ya nyama. Kinatokana na mambo mawili: tofauti ya joto kati ya nje na ndani, na unene. Oveni ya nyuzi 200 hujenga tofauti kubwa, na mnofu mnene kama wako hupanda nyuzi 5 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Mnofu ule ule ukiuoka kwa nyuzi 120, taratibu, nje na ndani vinakwenda karibu pamoja, na ukiutoa hupanda nyuzi 2 au 3 tu. Steki ya sarara yenye unene wa sentimita tatu juu ya mkaa mkali hupanda kama nyuzi 3, kisha inapoa upesi. Mishikaki haina cha kuzungumzia. Kabla hujaifikisha mezani imeshaanza kupoa.

Ndiyo maana ushauri wa jumla wa "toa nyuzi tano kabla" unawafaa wengine na kuwaangusha wengine. Wewe umeshapata namba ya oveni yako bila kukusudia: kwa mnofu wa unene ule, moto ule na foili ile, ni nyuzi 8. Ukitaka umalizikie 60, utoe kwenye 52. Tena uanze kuuchungulia mapema, kwa sababu oveni kali hupandisha kiini haraka kadiri unavyokaribia mwisho, na dakika za kwenda kumsikiliza mteja zinatosha kukupitisha.

Kuna jambo la kwetu pwani ambalo vitabu vingi vya mapishi haviligusi, kwa kuwa vimeandikiwa jiko la nchi za baridi. Jiko la Lindi mchana lina nyuzi 30 au zaidi, si 20. Nyama iliyo mezani inapoteza joto polepole zaidi, kwa hiyo hupanda kidogo zaidi na hukaa na moto muda mrefu zaidi. Ila ukiiweka barazani upepo wa kusi unapovuma, mambo yanageuka: upepo unabeba joto la nje kabla halijaingia ndani. Mtu mmoja, nyama moja, mahali pawili, namba mbili tofauti. Chagua pembe moja isiyo na upepo, na upumzishie hapo kila siku.

Sasa upande wa maji ya nyama, ambako ubishi wenyewe uko. Wanaopumzisha wana hoja ya kweli. Nyama ikikatwa ikiwa inachemka, maji yake ni mepesi na yanamwagika ubaoni. Ikipoa kidogo, maji yale yanakuwa mazito na yanashikwa vizuri zaidi. Utaona tofauti kwa macho: kata kipande papo hapo na kingine baada ya dakika kumi na tano, kisha tazama ubao. Lakini wapinzani nao wana lao. Kilichofanya nyama ikauke zaidi ya yote ni joto la mwisho iliyofika, na nyama iliyopumzika mpaka 68 itakuwa kavu kuliko iliyokatwa moto kwenye 60, hata kama ubao wa ile ya pili umelowa. Tena foili iliyobanwa inafungia mvuke, na ganda ulilolihangaikia linakuwa laini kama la nyama ya kuchemsha. Na maji ya ubaoni si hasara kwetu: yamwagie juu ya vipande, au yawe mchuzi wa ugali.

Mimi ninaegemea hivi. Mnofu mkubwa upumzishwe, dakika 15 hadi 20, kwa sababu ndani yake joto litaendelea kutembea upende usipende, na ni afadhali ulipangie. Foili iwekwe juu tu, kando wazi, au isiwekwe kabisa. Steki nyembamba iende mezani. Muda wa kuipeleka ndio mapumziko yake. Shingo na miguu ya mbele haziko katika ubishi huu, hizo zinataka saa nyingi za kuchemka.

Lipo moja la usalama. Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa vipande vizima vya ng'ombe na mbuzi, inataka kiini kifike 63 kabla ya kutolewa motoni, kisha nyama ipumzike angalau dakika tatu, kwa kuwa vijidudu vinaendelea kufa wakati huo. Ile 60 ya wekundu iko chini ya hapo, kwa hiyo mgeni mjamzito, mzee au mgonjwa usimpe. Kwake usiutoe mpaka kipimajoto kisome 63, kisha uupumzishe dakika hizo tatu. Nyama ya kusaga ni 71 na kuku ni 74, maana uchafu wa juu umeshaingia ndani, au unaweza kuwa popote. Huko usihesabu nyuzi zitakazoongezeka. Hesabu zilizosomeka.

Kabla ya kuiamini ile 8, hakikisha ncha ya kipimajoto ilikuwa katikati kabisa mara zote mbili. Ukichomoa na kuchomeka upya mahali pengine, unaweza kuwa umepima nyama mbili tofauti. Kichomeke kwa ubavu, sehemu nene kuliko zote, kiache humo humo unapoitoa, na uandike namba kila baada ya dakika tano mpaka ianze kushuka. Namba ya juu kabisa, ukipunguza ile iliyosomeka ulipoitoa nyama motoni, ndiyo tofauti ya kufanyia kazi kwenye oda ijayo.