Swali la mchambuzi na jibu lake visitenganishwe

"Kaka, mkutano wa saa moja watuletea kurasa mbili zenye mafungu matatu. Si utwambie tu kampuni imepata nini na mwakani itapata nini? Maswali ya wachambuzi sisi yatufaa nini?"

Aliyeuliza ni mwenzetu katika chama chetu cha hisa hapa Malindi, ambako mimi ndiye nifupishaye mikutano ya matokeo ya kampuni, na hakuwa peke yake. Kikao kizima kilitikisa kichwa kumuunga mkono.

Wana hoja. Mkutano wa matokeo, ambao kampuni huufanya kwa simu kueleza hesabu zake, huanza na mtendaji mkuu na mkuu wa fedha wakisoma maneno yaliyokwisha kupitiwa na wanasheria, na tarakimu nyingi humo mtu anaweza kuzifuata kwenye hesabu zilizochapishwa. Baadaye simu hufunguliwa kwa wachambuzi wa mabenki na mifuko ya uwekezaji, na hapo kila mmoja huja na lake. Mchambuzi hajaona vitabu vya ndani. Pengine mfuko wake unazo hisa hizo, pengine unasubiri bei ianguke. Mtu mwenye akiba ndogo ana haki ya kusema: nipe hesabu, hayo mengine ni maoni ya watu.

Mimi hupanga mafungu matatu, kauli za uongozi, ahadi, na maswali ya wachambuzi, kwa sababu ya hasara tuliyoipata. Miaka michache nyuma nilisoma nakala ya mkutano wa kampuni moja ambayo sitaitaja. Mchambuzi aliuliza hivi: kwa kuwa gharama za mafuta zimeshuka, je, faida kwa kila hisa mwakani haitafika shilingi 4? Mkuu wa fedha akajibu, "Tumeridhika na mwelekeo wetu." Nami katika muhtasari nikaandika kwamba kampuni inatarajia shilingi 4 kwa kila hisa. Tukanunua. Mwaka ulipokwisha faida haikufika hata nusu ya hapo, na nilipoirudia nakala nikaona hakuna mkubwa yeyote wa kampuni aliyeitamka ile shilingi 4. Ilitoka kwenye kinywa cha muulizaji, nami nikaivisha kampuni.

Kosa hili hutokea kwa urahisi mno, kwa sababu swali zuri la mchambuzi limejaa tarakimu na jibu la kampuni mara nyingi halina hata moja. Anayefupisha hutafuta tarakimu, na akiiona moja tu huibeba bila kukumbuka ni ya nani. Ndiyo maana fungu la maswali kwangu lina safu mbili: upande mmoja alichouliza mchambuzi, na tarakimu yake ikiwa na jina lake, upande wa pili alichojibu kiongozi, kwa maneno yake, hata kama ni maneno matano matupu. Nikilitenga swali likakaa mbali na jibu lake, nimeua habari yenyewe, maana habari iko katika pengo lililo kati yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao ni mkutano wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, wa tarehe 17 Aprili 2001. Maneno ya uongozi siku ile yalikuwa matamu: faida ya robo mwaka ya kawaida ilikuwa senti 47 za dola kwa kila hisa, kutoka senti 40 mwaka uliotangulia. Ahadi nayo ilipandishwa, kwamba mwaka mzima ungeleta kati ya dola 1.75 na 1.80. Anayetaka kujua kampuni imepata nini na itapata nini, hapo ameshiba.

Kisha akaja Richard Grubman wa mfuko wa Highfields. Hakuuliza juu ya faida. Alitaka kujua kwa nini Enron inatangaza faida bila kutoa pamoja nayo mizania, yaani orodha ya mali na madeni yake, na taarifa ya mtiririko wa fedha, na akasema haoni taasisi nyingine ya fedha inayoshindwa kufanya hivyo. Mtendaji mkuu, Jeffrey Skilling, alimshukuru, kisha akamtukana mbele ya wote waliokuwa kwenye simu. Mizania haikutolewa siku ile. Agosti Skilling alijiuzulu, na tarehe 2 Desemba mwaka uleule Enron iliomba hifadhi ya mufilisi.

Tena Grubman hakuwa mtu wa katikati. Mfuko wake ulikuwa umeweka fedha ukitarajia hisa hizo zishuke. Hilo halikulifanya swali lake kuwa la uongo. Faida ilitangazwa bila mizania, na mtu yeyote, awe rafiki au adui wa kampuni, angeweza kulithibitisha jambo hilo kwa macho. Swali la namna hiyo silitoi kwenye muhtasari hata nikiombwa.

Hata hivyo nisivutwe na Enron nikasahau upande wa pili. Tarehe 2 Mei 2018 mchambuzi Toni Sacconaghi alimuuliza Elon Musk wa Tesla juu ya mahitaji ya mtaji, akakatizwa kwa dharau na kuambiwa maswali hayo yanachosha. Siku iliyofuata hisa zilishuka kwa zaidi ya asilimia 5. Lakini kampuni ilikuwa imeahidi kupata faida katika robo ya tatu ya mwaka huo, na kweli ikaipata, dola milioni 312. Aliyeuza kwa kuona hasira tu aliuza mapema. Kwa hiyo katika safu ya jibu siandiki "anaficha". Naandika "hakujibu", na pembeni naandika ni kitu gani kingelijibu swali hilo: mizania, mkataba, tarehe. Kikitokea baadaye, nakifuta.

Fungu la ahadi nalo lina sababu yake, na hapa kampuni zenyewe zimenitangulia. Mwanzoni mwa mikutano ya kampuni za Marekani husomwa onyo kwamba baadhi ya maneno yatakayosemwa yanahusu mambo yajayo na huenda yasitimie. Onyo hilo linatokana na sheria ya mwaka 1995, inayowapa kinga wanaotoa matarajio wakiambatanisha tahadhari za maana. Kinga hiyo haifuniki maelezo ya jambo lililokwisha kutokea. Ikiwa mwanasheria wa kampuni anatofautisha maneno hayo, mimi nayachanganyaje kwa watu wanaotoa fedha zao?

Tabu ni kwamba viongozi huyafunga katika sentensi moja. "Mauzo yamekua kwa asilimia 8 na tunaona kasi hiyo ikiendelea." Hiyo naikata katikati. Asilimia 8 inakwenda kwenye fungu la kauli za uongozi, baada ya kuiangalia kwenye hesabu. Kasi inayoendelea inakwenda kwenye ahadi, pamoja na sharti lake kama lipo. Neno la kuchunga zaidi ni "iwapo". "Tutalipa gawio iwapo mkopo utamalizika Juni" mara nyingi hufupishwa kuwa "watalipa gawio", na sharti likishapotea hakuna mwanachama atakayejua kwamba Juni ndiyo ya kuangaliwa.

Ombi la mwenzetu la ufupi nimelikubali kwa upande mmoja. Kauli za uongozi zitakuwa mistari mitano tu, kwa kuwa hesabu zimechapishwa na anayezitaka atazipata. Ahadi zitabaki zote, kila moja na tarehe yake, na karatasi ya robo iliyopita nitakuja nayo kikaoni tuone ipi imefika siku yake. Maswali nitaleta mawili au matatu, yale yaliyokosa jibu, na chini ya kila moja nitaandika jina la aliyeitaja tarakimu.