Soma jedwali kwenda chini, si kwenda pembeni

Mpwa wangu ni muuguzi Masaka na anasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Juzi alinijia hapa Kampala na sura ya pili ya tasnifu yake, ile ya mapitio ya tafiti zilizotangulia, ambayo msimamizi ameirudisha na maneno mawili ya wino mwekundu: "Hakuna mjadala."

"Mjomba, tafiti zote nimezisoma, na kila moja nimeieleza. Mjadala gani tena anautaka?"

Mada yake ni tohara ya wanaume na maambukizi ya VVU. Aya ya kwanza ilianza na Auvert na wenzake (2005), waliofanya jaribio lao Orange Farm, Afrika Kusini. Ya pili, Bailey na wenzake (2007), Kisumu. Ya tatu, Gray na wenzake (2007), Rakai, hapa Uganda. Ya nne, Wawer na wenzake (2009), Rakai tena. Kila aya ilitaja mahali, idadi ya watu na matokeo, kisha ikafungwa. Nilimwambia abadilishane aya ya pili na ya tatu, asome upya. Hakuna kilichoharibika. Hapo ndipo aliponyamaza, kwa sababu hoja inayojengwa haivumilii kupanguliwa hivyo.

Alikuwa ameshajaribu kurekebisha kwa kuweka vichwa viwili, "Tafiti za nje ya Uganda" na "Tafiti za Uganda". Naona wanafunzi wengi wanafanya hivi na nalipinga kabisa. Muhtasari uleule umewekwa kwenye vyumba viwili, lakini bado hakuna utafiti unaozungumza na mwenzake.

Tulitandika karatasi ya manila mezani tukachora jedwali. Kila utafiti ukapewa mstari wake, na kila safu ikawa swali: nani walichunguzwa, kilipimwa nini, matokeo yalikuwaje, tabia ya ngono ilibadilika? Ukisoma jedwali hilo kwenda pembeni unapata muhtasari wa utafiti mmoja, yaani kile alichokuwa ameandika. Ukilisoma kwenda chini, unakuta tafiti nne zinajibu swali moja. Mada za sura yako zimo humo.

Safu ya matokeo ilikuwa nyepesi. Majaribio matatu ya kwanza yaliwagawa wanaume kwa bahati nasibu, na waliotahiriwa waliambukizwa kidogo zaidi: pungufu kwa takriban asilimia 60 Orange Farm, 53 Kisumu na 51 Rakai. Safu ya nani walichunguzwa, yenye umri wao, ndiyo iliyoipa nguvu safu hii. Orange Farm na Kisumu walichukua vijana wa miaka 18 hadi 24, ilhali Rakai ilichukua wa miaka 15 hadi 49. Aya tatu zikawa sentensi moja: "Majaribio matatu yanakubaliana kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa nusu au zaidi, na kwa kuwa Rakai ilihusisha hadi watu wa miaka 49, matokeo haya si ya vijana peke yao." Sentensi hiyo haimo katika makala yoyote kati ya hayo matatu. Inapatikana tu ukiyaweka pamoja.

Tulikaa zaidi kwa Wawer. Mpwa wangu alikuwa ameandika, "Hata hivyo, Wawer anapinga." Nikamwomba aguse safu ya kilichopimwa. Wale watatu walipima wanaume wasio na VVU. Wawer alichukua wanaume ambao tayari wanaishi na VVU, akaangalia kama tohara inawakinga wake zao, na hakuona kinga hiyo. Kwa hiyo hapingani nao, maana swali lake ni jingine. Utafiti huo ukatoka kwenye ubishi usiokuwepo, ukaanzisha mada yake yenyewe: tohara inamkinga nani? Kabla hujaandika "hata hivyo", hakikisha tafiti mbili zilipima kitu kimoja kwa watu wa aina moja.

Tofauti ya kweli ilikuwa safu ya tabia. Orange Farm, waliotahiriwa walieleza kufanya ngono mara nyingi zaidi kidogo kuliko wenzao, jambo ambalo Kisumu na Rakai halikujitokeza kwa namna hiyo. Alitaka kuliruka kwa sababu lingechafua hoja. Nikamkatalia. Liandike, na useme kwamba habari za tabia zilitokana na maelezo ya wahusika wenyewe. Usibuni sababu ambayo tafiti hazikuipima.

Sasa Gray anaonekana sehemu tatu tofauti, mara nyingine kwa nusu sentensi, na aya hazianzi tena na jina la mtu. Zinaanza na kinachodaiwa. Bado ana makala mawili ambayo hayakujibu safu hata moja, na anasita kuyaacha kwa vile aliyasoma kwa siku nzima. Nimemwambia ayatoe.