Nisini haizuii juisi ya mabibo isichache, tusidanganyane

Msimu uliopita wa korosho mama yangu mdogo wa Newala alinipigia simu asubuhi na mapema, nikamwamkia akaitikia harakaharaka halafu akasema mwanangu juisi yangu imekuwa pombe ya uraka. Alikuwa amekamua mabibo lita 20, akatoa ukakasi kwa uji wa muhogo kama tunavyofanya siku zote, akachuja, akatia unga wa nisini alionunua kwa mtu mtandaoni, akafunga kwenye chupa za plastiki bila kuchemsha. Siku ya tatu chupa zimevimba, ukilegeza kizibo kidogo tu povu linakurukia, na chini kuna masimbi meupe.

Muuzaji alimwambia kitu ni cha asili, kinatoka kwa bakteria wa maziwa na kinaua vijidudu vyote. Hapo kwenye asili hakukosea. Nisini ni bakteriosini, yani protini ndogo ambayo bakteria mmoja anaitoa kuwaua majirani zake wanaogombania naye chakula, na hii inatolewa na laktokokasi, walewale wanaogandisha maziwa. Watu walianza kuona dalili zake mwaka 1928, mwaka 1969 wataalamu wa FAO na WHO wakaikubali kwenye chakula, kwenye lebo utaiona imeandikwa E234. Ukiila, tumbo linaisaga kama protini ya samaki. Mimi naipenda kweli hii kitu na ndo maana nakereka ikiuzwa kwa kazi isiyo yake.

Shida ni hilo neno "vyote". Nisini haiui ovyoovyo, inatafuta kitu kimoja, ile molekuli ya mafuta inayobeba tofali za kujengea ukuta wa bakteria. Ikiipata inaishika, ujenzi unasimama, halafu inatoboa utando, vya ndani vinavuja na bakteria anakufa. Wanaopigwa vizuri ni wale ambao ukuta wao uko wazi kwa nje, kama listeria na ndugu zao wanaotengeneza mbegu ngumu zinazostahimili moto. Ikoli na salmonela wana utando mwingine juu ya ukuta, nisini inagonga pale inashindwa kupita. Na hamira je? Hamira sio bakteria kabisa, ukuta wake umejengwa kwa vitu vingine, hiyo molekuli ya tofali hana, kwahiyo nisini haina pa kushika.

Na kinachochachusha mabibo ni hamira. Imekaa kwenye ganda la bibo tangu shambani, sukari ipo tele, joto letu la huku kusini unalijua. Nilimuuliza mama mdogo alitia kiasi gani, akasema gramu 4. Nikapiga hesabu: unga wa kawaida una nisini asilimia 2.5 tu, kinachobaki zaidi ni chumvi na mabaki ya maziwa, so gramu 4 ni miligramu 100 za nisini, ukigawa kwa lita 20 ni miligramu 5 kwa lita. Hicho ni kipimo cha maana kabisa, hakukosea. Mzigo wa pili alikuwa ameshatia gramu 8 akidhani dawa ilikuwa kidogo, na zenyewe zikavimba vilevile. Hata angetia mfuko mzima.

Ukitaka kujua nani kakuharibia, angalia chupa kabla hujamwaga. Gesi nyingi, harufu ya pombe, masimbi ya hamira chini, hapo nisini haihusiki. Utando wenye manyoya juu ni ukungu, nao haihusiki.

Nilichomwambia ni aanze na moto. Juisi ifike nyuzi 85, apime kwa kipimajoto asikisie kwa macho, aimimine ikiwa bado ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, afunge, alaze chupa dakika chache ili kizibo nacho kipate joto. Hamira haivumilii hapo. Zinazobaki ni zile mbegu ngumu za bakteria, na kuna jamii yao inayopenda juisi chachu, haivimbishi chupa wala nini ila inaacha harufu kama ya dawa ya hospitali. Hao sasa ndo wa nisini, na uchachu wa bibo unaisaidia maana kwenye tindikali inatulia na inayeyuka vizuri kuliko kwenye chakula kisicho na uchachu.

Mama mdogo akaniuliza, kwahiyo nilinunua bure? Nikamwambia hapana mama, tunza kwenye friji pakavu, ila safari hii ukishachemsha ndo utie, zilezile gramu 4. Chupa za mzigo wa tatu alipanga chini ya kitanda, na wiki ya pili akanitumia picha, vizibo vimelala bapa.