Kilo kumi zitatosha kunyamazisha mkoromo?

"Mume wangu ni dereva wa trela, Malaba hadi Elegu. Ana kilo 104. Anakoroma, halafu ananyamaza, halafu anashtuka kama mtu aliyekabwa. Alipopimwa usingizi Kampala walisema pumzi inakatika mara 40 kwa saa. Daktari kasema apunguze uzito. Apunguze kiasi gani ndipo apone?"

Dada, daktari amesema kweli, ila kweli hiyo ni nusu tu.

Mtu akinenepa, mafuta hayakai tumboni peke yake. Yanaingia shingoni, kwenye kuta za koo, hata ndani ya ulimi. Usingizini misuli ya koo inalegea, na njia iliyokwisha kubanwa inajifunga. Watafiti wa Pennsylvania waliwapiga picha watu kabla na baada ya kupungua, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba kilichohusiana zaidi na nafuu yao ni kupungua kwa mafuta ya ulimi. Nayo tumbo kubwa likipungua, mapafu yanapata nafasi ya kujaa hata mtu akiwa amelala. Kwa hiyo wanaosema dawa ni kupungua wana msingi.

Swali ni kiasi gani. Utafiti uliofuatilia watu wa Wisconsin, Marekani, ukachapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba aliyepunguza asilimia 10 ya uzito wake alipata nafuu ya kama asilimia 26 katika idadi ya mikatiko ya pumzi. Aliyeongeza asilimia 10, hali yake ilizidi kwa kama asilimia 32. Tuchukue hesabu hiyo kwa mzee wako. Asilimia 10 ya kilo 104 ni kilo 10 na kidogo, abaki na 94 hivi. Mikatiko 40 ikipungua kwa asilimia 26 inabaki kama 30 kwa saa, na kuanzia 30 madaktari bado wanaita ugonjwa mkali. Mwenzake aliyeanza na mikatiko 6 kwa saa angeshuka chini ya 5, ambayo ni kawaida. Juhudi ni ileile, lakini mmoja amepona na mwingine bado ni mgonjwa.

Hesabu hiyo ni wastani. Wako wanaopata zaidi na wako wanaopata kidogo, hasa mwenye taya dogo au mafindofindo makubwa. Ndiyo maana hata watu wembamba wanaugua.

Akipungua sana, mambo hubadilika. Kule Uswidi, wanaume wanene waliowekwa kwenye mlo mkali chini ya uangalizi wa madaktari walipunguza kama kilo 20 kwa wiki tisa, na mikatiko ikashuka kwa wastani kutoka 37 hadi 12. Mwaka mmoja baadaye karibu nusu yao hawakuhitaji tena mashine ya kusukuma hewa puani. Lakini waliopona kabisa walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Mlo wa namna hiyo asijaribu peke yake barabarani.

Upande wa pili husema: acha kilo, nunua mashine. Mashine hufungua koo usiku uleule, na kwa mtu anayeendesha tani nyingi usiku hilo ni jambo la uhai. Sikubali ashauriwe kupunguza kilo 20 kwanza huku akisinzia kwenye usukani. Hata hivyo mashine ni ghali, inataka umeme, na akiivua tu koo linafunga tena. Haipunguzi hata kilo moja. Kwa hiyo naona aanze yote mawili kwa pamoja, na mpaka usingizi wa mchana uishe, safari za usiku azisimamishe. Waragi aache, maana inalegeza koo zaidi. Alale ubavu pia. Wengi hukatika pumzi zaidi wakilala chali.

Kitu kimoja kinachodanganya familia nyingi ni kelele. Kilo chache zikitoka, mkoromo unaweza kushuka na nyumba nzima ikafurahi, kumbe pumzi bado inakatika kimyakimya. Kaa karibu naye saa za alfajiri, ambapo mikatiko huwa mingi kwa watu wengi, umtazame kifua. Kifua na tumbo vikihangaika kupanda na kushuka huku husikii hewa puani kwa sekunde 10 au zaidi, koo limefunga. Akiamka na kichwa kinauma, au akisinzia akisubiri foleni ya forodha mchana, hizo nazo ni dalili.

Akifikisha kilo 94, asivue mashine kwa sababu anajisikia vizuri. Arudi apimwe usingizi upya. Huenda mgandamizo wa hewa ukapunguzwa, na ikionekana mikatiko imebaki anapolala chali tu, daktari anaweza kumpa njia nyepesi zaidi.